Kukataa udhamini kwa baruapepe: barua fupi, yenye sababu, au inayoacha mlango wazi?

Kuamua kukataa hakuchukui muda. Unasoma ofa, unaona bidhaa haiendani na unachowafundisha watu, roho inakataa. Kazi inaanza ukifungua kisanduku cha kujibu. Unaandika "Asante sana kwa kunifikiria", halafu unakwama. Useme sababu au unyamaze? Ukisema sababu utaonekana unajifanya mtakatifu? Usiposema, watarudi mwezi ujao na pesa zaidi?

Kwenye barua za namna hii nimeona njia tatu zinazofanya kazi. Ya kwanza ni barua fupi isiyo na sababu. Ya pili inataja sababu waziwazi. Ya tatu inakataa kazi hii lakini inaacha mlango kwa kazi nyingine. Nitazipima zote kwa mizani ileile, nikitumia kisa kimoja, ili uone ipi inakufaa kwa hali yako.

Kisa chenyewe

Kisa hiki nimekitunga kwa kuunganisha ofa kadhaa za aina hiyo, hivyo usitafute kampuni ndani yake. Una chaneli ya YouTube ya elimu ya pesa kwa Kiswahili. Watazamaji wako ni mama lishe, bodaboda, walimu wa shule za msingi na vijana wenye vibanda vya simu. Unawafundisha kuweka akiba kwenye vikoba na SACCOS, na video zako zinazotazamwa zaidi ni zile za kutoka kwenye madeni ya kausha damu.

Jumanne unapata barua kutoka kwa wakala wa matangazo wa Dar es Salaam. Mteja wake ana programu ya mikopo ya simu. Wanataka sekunde 60 ndani ya video moja, na kiungo kibandikwe juu ya maoni kwa siku 30. Malipo ni shilingi 1,800,000. Maneno ya tangazo wameshayaandika: "Pata pesa ndani ya dakika tano, bila dhamana."

Unapakua programu na kuijaribu mwenyewe. Ukiomba 100,000, inakata ada ya 15,000 kwanza, unapokea 85,000 mkononi, na baada ya siku 14 unarejesha 100,000. Yaani umelipa 15,000 kwa kutumia 85,000 kwa wiki mbili, karibu asilimia 17.6. Mtu anayekopa ili kulipa mkopo uliopita, kama wengi wanavyofanya, akizunguka hivyo mara 26 kwa mwaka atakuwa ametoa 390,000 kwa ajili ya 85,000 ileile. Na video yako ya mwezi uliopita ilikuwa inamwambia huyohuyo asifanye hivyo.

Kabla ya kujibu kuna mambo mawili ya kuhakiki, na yote hayafiki saa moja. La kwanza ni kama barua ni ya kweli. Ofa za udhamini wa uongo zimetumika kuiba chaneli: unatumiwa faili linaloitwa mkataba au programu ya kujaribu, ukilifungua linachukua vitambulisho vya kivinjari chako, na mwizi anaingia kwenye akaunti bila kuhitaji nywila. Angalia anwani iliyotumika, itafute kampuni kwa njia yako mwenyewe, na usifungue kiambatisho kilichofungwa kwa nywila waliyokutumia kwenye barua hiyohiyo. Barua ikiwa ya kitapeli, hakuna haja ya adabu wala jibu.

La pili ni hali ya bidhaa kisheria. Tanzania, watoa mikopo wasiopokea amana wako daraja la pili kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na leseni wanapewa na Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali chake. Kenya, watoa mikopo wa kidijitali wako chini ya kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022. Katika kisa chetu tuseme programu ina leseni halali. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu kukataa kitu kisicho na leseni ni rahisi mno. Ugumu unakuja pale kitu ni halali lakini kinapingana na chaneli yako.

Vigezo vya kupimia

Kila barua nitaiuliza maswali manne.

Kwanza, je, inafunga mjadala? Dalili ya barua iliyoshindwa ni jibu la siku ya pili: "Tunaelewa. Vipi tukiongeza kidogo?"

Pili, je, ikivuja itakuaje? Chukulia kila baruapepe itapigwa picha ya skrini. Isome kana kwamba inasomwa na mtazamaji wako, kisha isome kana kwamba inasomwa na mwanasheria wa ile kampuni.

Tatu, inamwachaje aliyekuandikia? Mara nyingi huyo ni kijana wa wakala mwenye wateja wanane na bosi anayeuliza kila Ijumaa chaneli zipi zimekubali. Hakutunga riba ile. Mwaka kesho anaweza kuwa kwenye wakala mwingine na kazi inayokufaa.

Nne, inakugharimu nini wewe, kwa muda na kwa mambo unayoyaweka wazi?

Barua ya kwanza: fupi, bila sababu

> Habari za kazi dada,
>
> Asante kwa kuifikiria chaneli yetu kwa kampeni hii, na kwa maelezo yaliyopangika vizuri. Nimeamua kutoichukua kazi hii. Nakujibu mapema ili mpate muda wa kutafuta chaneli nyingine kabla ya tarehe mliyopanga.
>
> Nawatakia kazi njema.

*Kufunga mjadala.* Inafunga kwa kiasi. Neno "nimeamua" linafanya kazi nzuri, lakini kwa kuwa sababu haipo, msomaji atajaza mwenyewe, na wakala kwa kawaida anajaza pesa. Usishangae akirudi na 2,300,000. Ukipokea jibu hilo, usianze kueleza ulichokificha mwanzo. Rudia uamuzi kwa mstari mmoja na uishie hapo.

*Ikivuja.* Hakuna cha kuvuja. Mwanasheria hapati sentensi ya kushika. Mtazamaji naye anaona mtu mstaarabu, ingawa haoni msimamo wowote.

*Kwa aliyekuandikia.* Inampa anachohitaji, yaani jibu la hapana lililofika mapema. Watu wanaodhani kwamba ufupi ni ukali hawajawahi kukaa upande wa pili wakisubiri jibu wiki tatu. Kinachoifanya barua fupi iwe kali ni kukosa salamu na shukrani. Kwa Kiswahili ukianza moja kwa moja na "Nimeamua kutochukua" bila "Habari za kazi", umemtukana mtu hata kama hukukusudia.

*Gharama yako.* Dakika tano.

*Inamfaa nani.* Mwenye ofa nyingi kwa wiki, mwenye meneja anayejibu kwa niaba yake, na yule ambaye bado hajajua vizuri msimamo wake ni upi. Ni afadhali usitoe sababu kuliko kutoa ambayo utaivunja baada ya miezi sita.

Barua ya pili: yenye sababu

> Habari za kazi dada,
>
> Asante kwa barua yako ya Jumanne na kwa kuieleza kazi kwa uwazi, pamoja na malipo. Nimeisoma yote na nimeijaribu programu.
>
> Nimeamua kutoichukua kazi hii. Chaneli yetu inawasaidia watu kutoka kwenye madeni ya muda mfupi na kujenga akiba kwenye vikoba na SACCOS, kwa hiyo hatutangazi mikopo ya simu ya muda mfupi ya kampuni yoyote. Wengi wanaotutazama wanakuja kwetu wakiwa tayari na deni la namna hiyo. Tangazo hili likitoka mdomoni kwangu litapingana na niliyowaambia, na wakiniuliza sitakuwa na jibu.
>
> Uamuzi huu hautokani na wakala wenu wala kiwango cha malipo, na kubadilisha maneno ya tangazo hakutaubadilisha. Nashukuru kwa kunifikiria.

Hii ndiyo barua ambayo watu wengi wanaitaka na wengi wanaiharibu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

*Kufunga mjadala.* Kati ya hizi tatu, hii ndiyo inafunga vizuri zaidi, na sentensi zinazoifunga ni mbili. Moja ni "ya kampuni yoyote", inayoonyesha kwamba kinachokataliwa ni aina ya bidhaa. Nyingine ni ile iliyo kabla ya shukrani ya mwisho, inayoondoa mapema vitu viwili ambavyo wakala angevileta: pesa na maneno. Ukiitoa sentensi hiyo, utaletewa tangazo jipya lenye "kopa kwa uangalifu" mwishoni, na utalazimika kuandika barua nyingine ngumu zaidi kuliko ya kwanza.

*Ikivuja.* Hapa ndipo mambo yanapoharibika au kunyooka. Rudi uisome aya ya sababu. Karibu kila kitu ndani yake kinakuhusu wewe: unafundisha nini, watazamaji wako ni nani, utajibu nini. Hakuna neno "mnanyonya", hakuna "wezi", hakuna hata hesabu ya asilimia 17.6. Uliifanya hesabu hiyo ili ujue mwenyewe. Ukiiandika, umefungua ubishi juu ya namna ya kukokotoa riba, na wao wana mhasibu anayelipwa kwa kazi hiyo. Ukiandika kwamba kampuni inawapigia simu ndugu za wadaiwa ilhali huna ushahidi kuhusu kampuni hiyo hasa, umejiingiza kwenye kashfa. Ni kweli wapo watoa mikopo waliofanya hivyo. Kenya, mwaka 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mmoja wao faini ya karibu shilingi milioni tatu za huko kwa kutumia majina na namba za watu kutuma vitisho. Lakini kosa la mmoja hulipeleki kwenye barua ya mwingine.

Mtazamaji akiisoma barua hii anakutana na maneno yaleyale unayomwambia kwenye video. Kwa kigezo cha kuvuja upande wa watazamaji, hakuna barua inayoishinda.

*Kwa aliyekuandikia.* Inamsaidia kuliko anavyotarajia. Anaweza kuipeleka kwa mteja jinsi ilivyo, bila kujieleza, na anaweza kuweka alama kwenye orodha yake kwamba chaneli hii haipelekewi mikopo. Wapo watakaokasirika. Kuna mtu wa wakala aliwahi kunijibu kwamba "wewe siyo benki kuu". Nilicheka, sikujibu, na haikunigharimu chochote.

*Gharama yako.* Ni kubwa kuliko zote, kwa maana kwamba umejifunga. Ukisema hutangazi mikopo ya simu ya kampuni yoyote, halafu Desemba ukatangaza ya kampuni kubwa yenye jina zuri, barua yako ya Machi ipo kwenye sanduku la mtu. Pia YouTube inataka uweke alama kwenye video iliyolipiwa, na mtazamaji anaona maandishi ya tangazo la kulipiwa kwenye sekunde kumi za mwanzo, kwa hiyo usidhani unaweza kuipitisha kimya. Andika sababu ambayo uko tayari kuishi nayo, na usiipanue. Ukiandika "hatutangazi bidhaa za fedha", umejifungia nje bima na akaunti za akiba ambazo pengine ungezipenda.

*Inamfaa nani.* Chaneli ambayo mada yake yenyewe ndiyo inayogongana na bidhaa: elimu ya pesa na mikopo, afya na vipodozi vya kuchubua ngozi, malezi na kamari. Pia inamfaa anayepata ofa za aina moja mara kwa mara, kwa sababu barua moja yenye sababu inapunguza zinazofuata.

Barua ya tatu: inayoacha mlango wazi

> Habari za kazi dada,
>
> Asante kwa barua yako na kwa maelezo kamili. Kazi hii ya mikopo ya simu nimeamua kutoichukua, kwa sababu inapingana na tunachofundisha kwenye chaneli.
>
> Nimependa mlivyoipanga kampeni, na ningefurahi kufanya kazi na ofisi yenu kwa mteja mwingine. Watazamaji wetu ni wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zinazowafaa ni kama bima ya afya, mizani na majokofu ya biashara, au programu za kuweka hesabu za duka. Mkipata mteja wa namna hiyo, niandikie. Nimeambatisha ukurasa mmoja wenye takwimu za chaneli na bei.

*Kufunga mjadala.* Inaufunga huu na kufungua mwingine, na hatari iko kwenye mshono kati ya hayo mawili. Angalia mlango umefunguliwa kwa nani: kwa ofisi ya wakala. Mteja wa mikopo hakupewa mlango. Wengi wanakosea hapo. Wanaandika, "Labda tungetangaza huduma yenu nyingine", na wiki ijayo wanaletewa kampuni ileile ikiwa na kipengele cha "akiba" ndani ya programu ileile. Mtazamaji akibonyeza kiungo kuitafuta akiba, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni kitufe cha kukopa.

Kosa jingine ni kuweka sharti. Unaandika kwamba utakubali wakionyesha gharama yote ya mkopo kabla mtu hajathibitisha. Ni sharti zuri. Lakini wakilitimiza? Ukiona kwamba hata hapo roho itakataa, basi sharti lilikuwa kisingizio, na utakapokataa mara ya pili utakuwa umewadanganya. Weka sharti tu kama likitimizwa utachukua kazi na kuitangaza bila kuona haya.

*Ikivuja.* Inategemea ukali wa sentensi ya pili. Ikiwa wazi kama hapo juu, mtazamaji ataona mtu anayetafuta riziki kwa mipaka, jambo ambalo watu wanalielewa. Ikiwa laini, ataona mtu anayepanga bei. Kumbuka pia kwamba ukurasa wa bei utasafiri pamoja na barua. Kama hutaki wadhamini wengine waione bei hiyo, usiiambatishe, subiri waiombe.

*Kwa aliyekuandikia.* Hakuna barua inayompendeza kuliko hii. Anaenda kwa bosi wake na hapana moja na chaneli mpya yenye maelezo.

*Gharama yako.* Nusu saa ya kuandika, na kazi ya kufuatilia. Mlango ulioufungua utagongwa, na utapaswa kujibu.

*Inamfaa nani.* Chaneli changa inayohitaji wadhamini ili iendelee, na mji ambao mawakala ni wachache na wanajuana. Haimfai mtu ambaye hajui bado angependa kutangaza nini. Orodha ya bidhaa unayoiandika pale lazima iwe ya kweli.

Neno linaloharibu barua zote tatu

Adabu ya Kiswahili haipendi hapana kavu. Mgeni akikuomba kitu usichotaka kutoa, unasema "tutaangalia", "Mungu akijalia", "ngoja nione". Kila aliyekulia kwenye lugha hii anasikia hapana ndani ya maneno hayo, anakunywa chai yake na kuondoka. Kwenye baruapepe ya biashara sauti ya kukusaidia haipo, na anayesoma ana jedwali lenye safu ya "wanafikiria". Utawekwa hapo, nawe utafuatiliwa.

Barua yangu ya kwanza kabisa ya kukataa ilisema, "Samahani, kwa sasa sitaweza, ratiba imebana." Kila kipande cha sentensi hiyo kilikuwa na kasoro. "Kwa sasa" ilimwambia arudi. "Ratiba imebana" ilimwambia shida ni tarehe. Na "sitaweza" ndiyo iliyofanya madhara zaidi, kwa sababu kutoweza ni kizuizi, na kizuizi huondolewa. Baada ya miezi mitatu akaandika tena, mpole kabisa, na ofa kubwa zaidi na tarehe niipange mwenyewe. Alikuwa ameondoa kila kizuizi nilichomtajia. Ilibidi sasa nimwambie sababu halisi, na barua ile ya pili ikanifanya nionekane mwongo kwenye ile ya kwanza. Kweli, nilikuwa nimedanganya.

Tangu hapo natumia "nimeamua kutoichukua". Haina ukali, na haimwachii mtu kazi ya kukisia. "Samahani" nimeiondoa vilevile. Shukrani inatosha, kwa kuwa hakuna aliyekosewa. Kuhusu "dada" na "kaka", nayatumia kama yeye ameandika kwa jina lake na kwa ukaribu. Barua ikiwa imetoka kwa ofisi bila jina la mtu, "Ndugu" inatosha. Na akiandika kwa Kiingereza, naangalia: wakala wa Dar naweza kumjibu kwa Kiswahili bila shida, ila kama mteja yuko nje, barua ya Kiswahili italazimika kutafsiriwa na mtu mwingine, na "nimeamua" inaweza kufika upande wa pili ikiwa "hataweza".

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama bidhaa haina leseni, au iko kwenye orodha ya Benki Kuu, andika barua ya kwanza. Usimfundishe sheria mtu anayeijua. Kama unaona watu wanaumia, peleka taarifa kwa mamlaka, mahali ambapo ushahidi unapokelewa.

Kama uko Kenya na ofa ni ya kamari, hali ni nyepesi kuliko ilivyokuwa. Mwezi Mei 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilitoa miongozo inayozuia watu maarufu na washawishi wa mitandaoni kutumika kwenye matangazo ya kamari. Barua ya pili inakutosha, na sababu unaweza kuiweka kwenye mstari mmoja unaotaja miongozo hiyo. Lakini kama ungeikataa hata bila miongozo, ongeza mstari wa pili unaosema hivyo. Kanuni zikibadilika, hutaki kurudiwa.

Kama bidhaa ni halali na inapingana moja kwa moja na unachofundisha, kama kwenye kisa chetu, mimi ningeandika ya pili. Mwenzangu mwenye chaneli ya mapishi angepata ofa hiyohiyo ya mikopo, ningemshauri ya kwanza: kwake hakuna ahadi aliyowapa watazamaji kuhusu madeni, na sababu ndefu ingeonekana ya kuazima.

Kama wakala amekutendea vizuri na chaneli inakaribia kusimama kwa kukosa pesa, ya tatu. Itume ndani ya siku mbili tatu. Mlango ulioachwa wazi baada ya wiki tatu za ukimya hauaminiki sana.

Kama ulishatia saini makubaliano ya usiri kabla ya kuonyeshwa bidhaa, barua yoyote kati ya tatu inafaa, lakini haitoki nje. Usiisome kwenye video hata ukificha jina, maana kiasi, tarehe na aina ya bidhaa vinaweza kumtambulisha mteja.

Kama mkurugenzi wa kampuni ni shemeji yako, au mlisoma pamoja, usianze na barua. Piga simu, sema hapana kwa mdomo, kisha tuma barua ya kwanza ili ofisi yake iwe na karatasi. Barua yenye sababu kwa mtu wa karibu husomwa kama hotuba.

Na kama ulishasema ndiyo kwa simu, au umeshapokea malipo ya awali, hakuna kati ya barua hizi tatu inayokufaa. Hapo unajitoa kwenye makubaliano, hukatai tena ofa. Soma mkataba uone kipengele cha kusitisha kinataka taarifa ya siku ngapi. Mpigie aliyekuandikia siku hiyohiyo, kabla hajaandika jina lako kwenye ripoti ya Ijumaa. Rudisha pesa yote kwa njia ileile iliyoingilia, na ndipo uandike: nimeamua kujitoa, sababu ni hii, pesa imerudi leo. Kisha ambatisha uthibitisho wa muamala.